Kufuta nguzo mbele ya Kibo, na kuziba pengo linalobaki

Wapo wateja wengi hapa Moshi wanaoleta picha nzuri ya Kibo iliyokatizwa na nguzo ya umeme, wakiomba nguzo hiyo ifutwe. Wengi hudhani kwamba mlima upo nyuma ya nguzo ndani ya faili, kama ulivyo nje, na kwamba nguzo ikiondolewa utajitokeza wenyewe. Haujitokezi, kwa sababu haumo.

Picha ya kidijitali ni gridi ya pikseli, na katika picha ya kawaida ya rangi kila pikseli hubeba namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kuanzia 0 hadi 255. Chini ya pikseli hiyo hakuna nyingine iliyojificha. Wakati kamera inapiga, mwanga uliokuwa ukitoka mlimani kuelekea kwenye lenzi ulizuiwa na nguzo, kwa hiyo kipande hicho cha mlima hakikurekodiwa kabisa.

Ndiyo maana ukiizungushia nguzo uteuzi kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, na kubonyeza Delete, matokeo hutegemea jambo moja tu: kama tabaka lina chaneli ya alfa, yaani namba ya nne inayoeleza uwazi wa pikseli. Likiwa nayo, alfa hushuka hadi 0 na unaona miraba ya kijivu, ambayo ni njia ya programu kuonyesha kwamba mahali hapo ni patupu. Lisipokuwa nayo, eneo lote hupakwa rangi ya usuli iliyowekwa kwenye programu, mara nyingi nyeupe. Hata ukihifadhi tundu lile la uwazi kama JPEG, litapata rangi moja isiyohusiana na picha, kwa kuwa JPEG haina nafasi ya alfa, PNG inayo. Kwa vyovyote vile umbo la nguzo linabaki pale pale, na sasa linaonekana kuliko awali.

Kuziba ni kazi nyingine. Hapa programu inaombwa kubuni namba mpya zitakazopatana na majirani. Njia ya zamani kidogo, iliyomo kwenye OpenCV, maktaba ya programu ya kuchakata picha, hutumika hivi kwa Python:

```python
matokeo = cv2.inpaint(picha, maski, 3, cv2.INPAINT_TELEA)
```

Maski ni picha ya chaneli moja ambamo pikseli zisizo sifuri ndizo za kuzibwa, na 3 ni kipenyo-nusu cha ujirani unaotazamwa. Kazi huanzia ukingoni kuelekea ndani, kila pikseli mpya ikipata wastani wenye uzito wa zile zinazojulikana karibu nayo.

Tuifuate nguzo yetu kutoka juu hadi chini. Juu inapita kwenye anga, ambako rangi hubadilika polepole, na wastani unatosha kabisa. Katikati inakata ukingo wa theluji ya Kibo. Ikiwa ni nyembamba, mstari huunganika vizuri, lakini ikiwa nene ukingo hupinda au kufifia. Chini inaingia kwenye migomba, na hapo wastani hushindwa, kwani wastani wa majani yenye mwanga na vivuli ni tope la kijani. Sehemu hiyo inahitaji njia inayonakili vipande vizima vya migomba kutoka kwingine pichani, au mkono wa mtu mwenye zana ya kunakili. Nayo ina dalili yake: jani lilelile lililochanika likitokea mara mbili, jicho hulinasa upesi.

Maski pia isiishie kwenye ukingo kamili wa nguzo. Pikseli za ukingoni huwa na mchanganyiko wa rangi ya nguzo na ya anga, na zikiachwa nje ya maski, rangi hiyo chafu ndiyo itakayosambazwa ndani. Mimi huipanua kwa pikseli chache, kisha nakagua kivuli cha nguzo ardhini, ambacho watu husahau.

Kama mteja bado yupo mahali pa tukio, napendelea apige picha ya pili baada ya kusogea hatua mbili pembeni. Nguzo iliyo karibu itahama sana kwenye fremu ilhali Kibo, kilicho mbali kwa kilomita nyingi, hakitahama kwa kiasi cha kuonekana, hivyo theluji halisi iliyofichwa hupatikana na naweza kuihamishia kwenye picha ya kwanza bila kubuni chochote. Migomba, kwa kuwa nayo iko karibu, itahama pamoja na nguzo na haitalingana kikamilifu. Huko chini bado itabidi kubuni, na picha inayokusudiwa kuwa ushahidi wa mpaka wa shamba, kwa mfano, siizibi hata kidogo.