Kichujio cha Kalman na kigari cha relini: dhana potofu na ukweli

Chukua kigari kidogo kinachotembea juu ya reli iliyonyooka, urefu wa mita 4. Mwanzoni mwa reli kumefungwa kihisi cha mawimbi ya sauti, HC-SR04, kinachotazama mgongo wa kigari na kutoa umbali. Tunataka kujua mambo mawili kila wakati: kigari kiko wapi, na kinakwenda kwa kasi gani. Habari zinatoka pande mbili, na kila upande una kasoro yake. Upande mmoja ni ubashiri: kama kilikuwa hapa na kasi yake ilikuwa hii, sasa kinapaswa kuwa pale. Upande wa pili ni kihisi, ambacho namba zake hurukaruka hata kigari kikiwa kimetulia. Kurukaruka huko ndiko tunakoita kelele.

Njia ya kuchanganya pande hizo mbili aliyoichapisha Rudolf Kalman mwaka 1960 inatumika leo katika ndege, droni na simu. Hata hivyo wengi wanaoitumia wameibeba na mawazo yanayowaponza, hasa siku kigari kinapofanya jambo ambalo hawakulitarajia.

Dhana: Ni njia nyingine tu ya kulainisha namba, kama kupiga wastani

Wastani wa vipimo 10 vya mwisho hulainisha kweli, ila huchelewa. Tukipima mara 10 kwa sekunde, wastani huo unaeleza mahali kigari kilipokuwa sekunde 0.45 zilizopita. Kigari kikienda sm 50 kwa sekunde, jibu liko nyuma kwa sm 22.5, na litabaki nyuma hivyo safari nzima. Ukiongeza vipimo ili kupunguza kelele, unaongeza na ucheleweshaji.

Kichujio cha Kalman hakikusanyi vipimo vya zamani. Kinashika makisio ya sasa tu, yaani mahali na kasi, pamoja na kiasi cha shaka juu ya kila moja. Kabla ya kusoma kihisi, kinasogeza makisio mbele kwa kasi iliyopo. Kwa hiyo kipimo kipya kinalinganishwa na mahali kigari kinapotarajiwa kuwa sasa hivi. Kigari kikienda kwa kasi isiyobadilika, kichujio hakibaki nyuma hata kidogo baada ya kuijua kasi hiyo.

Dhana: Huwezi kupata kasi bila kihisi cha kasi

Hapa ndipo penye uhondo wa hesabu yenyewe, kwa hiyo tuifanye kwa mkono. Tupime kila sekunde 1 ili namba ziwe rahisi, na tufanye kelele ya kihisi iwe sm 10, kubwa makusudi ili mabadiliko yaonekane. HC-SR04 iliyo nzima hutawanya namba zake kwa kiasi kidogo kuliko hicho.

Mwanzo tunasema: kigari kiko sm 0, shaka sm 20, kasi yake ni sm 50 kwa sekunde, shaka 20. Shaka huingia katika hesabu ikiwa imezidishwa kwa yenyewe, ndiyo maana zote mbili zinakuwa 400, na kelele ya kihisi inakuwa 100. Tunaongeza pia kwamba kigari kinaweza kusukumwa au kuvutwa bila sisi kujua, kwa mchapuko wa kama sm 10 kwa sekunde kila sekunde. Ukizidishwa kwa wenyewe unatoa 100.

Ubashiri baada ya sekunde 1 ni sm 50. Shaka ya mahali imekua: 400 ya mwanzo, 400 iliyoletwa na kutojua kasi, na 25 ya misukumo isiyojulikana. Jumla 825. Shaka ya kasi nayo ni 500. Lakini imezaliwa namba ya tatu, 450, inayofunga mahali na kasi pamoja. Maana yake ni nyepesi: ikiwa kigari kimekutwa mbele ya ubashiri, huenda kilikuwa kinakwenda kasi kuliko tulivyodhani.

Sasa kihisi kinasoma sm 60. Pengo kati ya kipimo na ubashiri ni sm 10. Uzito wa kusahihisha mahali ni 825 gawanya kwa 925, yaani 0.89. Uzito wa kusahihisha kasi ni 450 gawanya kwa 925, yaani 0.49. Mahali papya ni sm 58.9, na kasi mpya ni sm 54.9 kwa sekunde. Shaka ya mahali imeshuka hadi sm 9.4, na ya kasi imeshuka kutoka 22, yaani kipeuo cha pili cha 500, hadi 16.8. Hakuna aliyeipima kasi, lakini imesahihishwa, na kazi hiyo imefanywa na ile 450. Anayeifuta namba hiyo ili kurahisisha programu, na wapo wanaofanya hivyo, anabaki na kichujio kisichoijua kasi kamwe.

Programu nzima ni hii:

```python
# ubashiri
x = x + v*dt
p00 = p00 + 2*dt*p01 + dt*dt*p11 + q*dt**4/4
p01 = p01 + dt*p11 + q*dt**3/2
p11 = p11 + q*dt*dt
# usahihisho
s = p00 + r
k0, k1 = p00/s, p01/s
e = z - x
x, v = x + k0*e, v + k1*e
p11 = p11 - k1*p01
p01 = p01*(1 - k0)
p00 = p00*(1 - k0)
```

Hapa `x` ni mahali, `v` ni kasi, `dt` ni muda kati ya vipimo, `p00` ni shaka ya mahali, `p11` ni shaka ya kasi, na `p01` ni ile namba inayozifunga pamoja. `z` ni kipimo, `e` ni pengo, na `k0` na `k1` ni uzito wa kusahihisha mahali na kasi. Katika mfano wetu `q`, yaani mchapuko uliozidishwa kwa wenyewe, ni 100, na `r`, yaani kelele ya kihisi iliyozidishwa kwa yenyewe, nayo ni 100. Usibadilishe mpangilio wa mistari mitatu ya mwisho: `p11` inahitaji `p01` ya zamani, kwa hiyo lazima itangulie.

Dhana: Inahitaji kompyuta yenye nguvu

Hesabu hiyo inashika namba tano kutoka hatua moja hadi nyingine. Bodi ndogo ya Arduino Uno yenye kilobaiti 2 za kumbukumbu inaiendesha bila taabu. Vyombo vya Apollo vilivyokwenda mwezini viliongozwa kwa njia hii hii, baada ya Stanley Schmidt na wenzake wa NASA Ames kuitohoa kwa mwendo usio wa mstari ulionyooka, na kompyuta yao ilikuwa na maneno 2,048 tu ya kumbukumbu ya kuandikika.

Dhana: Kichujio kikisema shaka ni ndogo, basi jibu ni sahihi

Hii ndiyo inayovunja vigari. Rudi kwenye programu uitafute `z`. Inaonekana mahali pamoja tu, kwenye pengo `e`, na `e` inagusa `x` na `v` peke yake. Mistari yote ya `p` haijui kihisi kimesoma nini. Kihisi kikisoma sm 60 au sm 600, shaka itashuka vilevile. Shaka ile inatokana na ulichokiambia kichujio kuhusu kigari na kihisi. Ukikidanganya, kitakokotoa uongo huo kwa uaminifu kabisa.

Uongo unaopendwa ni kuweka `q` sifuri, kwa sababu mstari kwenye skrini unatoka laini na wa kupendeza. Tazama kinachofuata. Kigari kinakwenda sm 50 kwa sekunde, tunapima mara 10 kwa sekunde, kelele bado sm 10, na tulianza na shaka kubwa sana juu ya mahali na kasi. Baada ya vipimo 60 kigari kiko sm 300, na uzito wa kusahihisha mahali umeshuka hadi kama 0.065. Kichujio kimeshajiaminisha. Hapo mtu anakishika kigari kikasimama ghafla.

Sekunde moja baadaye, baada ya vipimo 10 vyote vikisema kigari kimesimama, kichujio bado kinakiweka takriban sm 36 mbele ya mahali kilipo, na kinaamini kinakwenda kama sm 47 kwa sekunde. Ukikiuliza shaka yake, kinajibu sm 2.4. Kosa la sm 36 linatembea na hakikisho la sm 2.4.

Dawa ni kuchagua `q` kwa kukitazama kigari chenyewe. Jiulize ni mchapuko gani mkubwa unaoweza kutokea bila ubashiri kuujua. Kigari kinachoweza kusimamishwa kutoka sm 50 kwa sekunde ndani ya nusu sekunde kina mchapuko wa sm 100 kwa sekunde kila sekunde. Anza na nusu ya hapo, 50, ambayo inafanya `q` iwe 2,500. Ile 100 ya mfano wa juu inafaa kigari kinachosukumwa taratibu tu. Mstari utatetemeka zaidi kidogo, na hiyo ndiyo gharama ya kichujio kinachosikia.

Kujua kama umepatia, andika `e` na `s` za kila hatua. Gawanya `e` kwa kipeuo cha pili cha `s`. Katika kila majibu 100, takriban 95 yawe kati ya hasi 2 na chanya 2. Yakitoka nje mara kwa mara, kichujio kinajiamini kupita kiasi. Yakibaki yote karibu sana na sifuri, umekitia woga mwingi. Angalia na alama: mapengo kumi mfululizo yote hasi, kama kwenye kigari kilichoshikwa, yanasema ubashiri wako haufanani na mwendo halisi.

Dhana: Vipimo vingi mwishowe huondoa kosa lolote la kihisi

Vinaondoa kelele, yaani kosa linaloruka juu na chini kuzunguka ukweli. Kosa linalovuta upande mmoja hubaki kama lilivyo.

HC-SR04 hupima muda wa sauti kwenda na kurudi, na umbali hupatikana kwa kuzidisha na kasi ya sauti. Programu nyingi zimeandikwa mita 343 kwa sekunde, ambayo ni ya hewa ya nyuzi 20. Kwenye chumba chenye joto la nyuzi 35, jambo la kawaida Dar es Salaam au Mombasa mchana wa kiangazi, sauti inakwenda kama mita 352.5 kwa sekunde. Kigari kilichosimama sm 200 kitasomwa sm 194.6. Pima mara elfu, kichujio kitatulia kwenye 194.6 kikiwa na shaka ya milimita chache, na jaribio la mapengo halitalalamika, kwa kuwa ubashiri na kipimo vinakubaliana juu ya kosa lilelile.

Kuongeza `r` hakusaidii hapa. Kunachelewesha tu kufika kwenye jibu lilelile baya. Kinachosaidia ni kuweka kipimajoto na kukokotoa kasi ya sauti kama 331.3 jumlisha 0.606 mara nyuzi joto, kabla namba haijaingia kwenye kichujio. Kisha weka rula relini, simamisha kigari kwenye sm 50, 100 na 200, na upige wastani wa vipimo 200 kila mahali. Tofauti kati ya wastani na rula ni kosa la kuondolewa kwa mkono. Mtawanyiko wa vipimo kuzunguka wastani wao, ukizidishwa kwa wenyewe, ndio `r` yako.