Tangazo refu la sikukuu kwenye picha ya Status: dhana na ukweli

Dhana: Kufupisha ni kupunguza ukubwa wa herufi mpaka maneno yote yaingie.

Picha ya Status ya WhatsApp hukaa machoni sekunde chache, kisha inayofuata inaingia yenyewe. Aya ndefu haimaliziki kusomwa hata ikiwa imeingia yote. Kinachopunguzwa ni maneno.

Tuchukue tangazo la fundi cherehani: “Uongozi na wafanyakazi wote tunapenda kuchukua fursa hii adhimu kuwatakia wateja wetu heri ya sikukuu. Katika kuonyesha shukrani zetu kwa kuwa nasi mwaka mzima, tumeamua kutoa punguzo la asilimia 20 kwa mishono yote ya nguo za watoto, kwa watakaoleta vitambaa kuanzia tarehe 1 hadi 15 Desemba. Kwa mawasiliano zaidi usisite kutupigia au kutuandikia WhatsApp.”

Kwenye picha yanabaki haya:

PUNGUZO 20%
Mishono ya nguo za watoto
Lete kitambaa 1–15 Desemba
Piga au WhatsApp: (namba)
Heri ya sikukuu!

Salamu haikufutwa, imeshuka chini kwa herufi ndogo. Ikikaa juu, sekunde zinaisha kabla msomaji hajaifikia ofa.

Dhana: Masharti ni maelezo ya ziada, yanaweza kuachwa.

Sharti linalobadilisha ofa ni sehemu ya ofa. Ukiandika “Punguzo 20%” peke yake, mtu mzima ataleta suti yake na mtabishana mlangoni. Neno “lete” nalo lina kazi: bila hilo, mteja atadhani tarehe 15 ni siku ya kuchukua nguo. Rangi za vitambaa na muda wa kushona vinaweza kusubiri mteja akiuliza.

Dhana: “Wiki hii” inatosha, kwa kuwa Status hufutika baada ya saa 24.

Status hufutika, lakini watu huipiga skrinishoti na kuituma kwenye makundi, na wewe mwenyewe huenda ukaiweka tena kesho. “Mwisho Jumapili” haisemi Jumapili ipi. Andika tarehe na mwezi, bila kufupisha kuwa 1/12, ambayo wengine watasoma Januari 12.

Dhana: Wanaoiona wana namba yangu tayari.

Ni kweli kwamba Status huonwa na watu mliohifadhiana namba, na wao hukujibu hapohapo. Namba ya kwenye picha ni kwa ajili ya yule aliyetumiwa skrinishoti, asiyekujua kabisa. Iandike kwa makundi ya tarakimu tatu tatu ili aweze kuinakili bila kukosea, maana namba iliyo ndani ya picha kwa kawaida haibonyezwi. Kwa wanaotazama Status yenyewe, weka pia kiungo cha wa.me, kinachofungua mazungumzo nawe moja kwa moja, katika maelezo chini ya picha.

Usiibandike namba ukingoni kabisa. Sehemu ya chini hufunikwa na maelezo na kisanduku cha kujibu, na juu kuna jina lako. Ukishaipakia, ifungue kwenye simu nyingine uone kama tarakimu zote zinasomeka.