Tuliajiriwa siku moja, mbona mwenzangu ananizidi mshahara?

Swali hili huletwa ofisi ya utumishi kila baada ya mishahara kuingia. Kabla ya kulijibu, naomba hati mbili za mshahara ziwekwe mezani, na tuanze kusoma mshahara wa msingi, si kilichofika benki. Mwenye deni la Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo wawili wenye ngazi ileile wanaweza kupishana zaidi ya laki moja mkononi bila mtu kupunjwa.

Kama mishahara ya msingi yenyewe inatofautiana, tazama ngazi. Katika ngazi ya mshahara serikalini kama TGS D.5, herufi D ni daraja, linalofuata cheo chako kwenye muundo wa utumishi wa kada yako. Namba 5 ni hatua ndani ya daraja hilo, na hupanda kwa nyongeza ya mwaka pale inapotolewa. Kwa hiyo kuna kupanda kwa aina mbili: hatua ni ndogo, daraja ni kubwa.

Tufanye hesabu kwa tarakimu za mfano tu. D inaanza 700,000 na kila hatua ni 17,000. E inaanza 900,000 na kila hatua ni 20,000. Wawili waliofika D.5 wanalipwa 768,000 kila mmoja. Julai mmoja anapandishwa kwenda E.1, mwingine anachelewa mwaka. Kwa miezi kumi na miwili wanapishana 132,000 kila mwezi. Mwaka unaofuata aliyechelewa anafika E.1, lakini mwenzake yuko E.2. Pengo sasa ni 20,000, na halizibiki lenyewe. Tena miaka ya kusubiri daraja linalofuata huhesabiwa tangu tarehe ya cheo cha sasa, hivyo anaweza kuchelewa tena.

Basi cha kuuliza ni kwa nini ulichelewa. Pengine barua ya kuthibitishwa kazini ilitoka baadaye, au tathmini yako ya utendaji kwenye mfumo wa PEPMIS haikukamilishwa na msimamizi. Pengine ulibadilisha kada, na miaka ikaanza kuhesabiwa upya. Au nafasi yako haikuingizwa kwenye ikama na bajeti ya mwaka ule. Hili la mwisho ndilo linaloniuma, kwa sababu mtumishi hana kosa lolote.

Ukija, njoo na barua ya ajira, ya kuthibitishwa na ya cheo cha mwisho. Linganisha tarehe ya cheo kuanza na mwezi ambao hati ya mshahara ilibadilika: kama barua inasema Julai na mshahara ukabadilika Novemba, una madai ya malimbikizo ya miezi minne. Kisha omba kuonyeshwa jina lako kwenye tange, yaani orodha ya watumishi wa kada yako kwa vyeo na tarehe. Tarehe ikikosewa pale, andika barua ya marekebisho kupitia mkuu wako wa idara, uambatishe nakala, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.