Namba tano za Jumapili usiku kwa mwenye mgahawa

Wamiliki wengi wa migahawa wanaokuja kwenye mafunzo yetu wana daftari la mauzo, na wengine wana hata mashine inayowapa ripoti ya kurasa kumi. Ukiwauliza wiki iliyopita chakula kiliwagharimu kiasi gani, wananyamaza. Kinachowafaa ni karatasi moja, au jedwali moja kwenye simu, yenye namba tano tu: mauzo ya chakula, wastani wa sahani, asilimia ya gharama ya chakula, asilimia ya mishahara, na fedha inayobaki ukishatoa madeni ya siku saba zijazo.

Tuchukue mfano tunaoutumia darasani: mgahawa wa viti 40 karibu na stendi ya Msamvu, Morogoro. Wiki hiyo umeuza chakula cha shilingi 4,200,000. Soda na maji tumeziweka pembeni, kwa sababu faida yake ni tofauti na ukizichanganya zinaficha kinachotokea jikoni. Kama mgahawa unatoza kodi ya ongezeko la thamani, iondoe kwanza; hiyo si fedha yako. Sahani zilizotoka ni 1,050, kwa hiyo wastani ni shilingi 4,000 kwa sahani. Namba hizi mbili zisomwe pamoja. Mauzo yakishuka huku wastani ukibaki palepale, watu wamepungua. Wastani ukishuka na idadi ya sahani ikibaki, wateja wamehamia kwenye wali maharage.

Namba ya tatu ndiyo yenye kazi, na ndiyo inayokosewa zaidi. Katika wiki hiyo mgahawa ulinunua vyakula vya shilingi 1,400,000. Mwenye mgahawa akigawanya kwa mauzo anapata asilimia 33, na kwa kuwa amezoea 38, anafurahi. Kumbe amekula stoo yake. Jumapili iliyotangulia friza na rafu zilikuwa na mali ya 900,000. Jumapili hii zimebaki na 410,000. Chakula kilichotumika ni 900,000 jumlisha 1,400,000 toa 410,000, yaani 1,890,000. Hiyo ni asilimia 45 ya mauzo. Wiki iliyoonekana nzuri ndiyo mbaya kuliko zote za mwezi ule.

Kwa hiyo bila kuhesabu stoo, namba hii haipo. Hesabuni Jumapili usiku baada ya kufunga, saa ileile kila wiki, watu wawili: mmoja anahesabu, mwingine anaandika, na mpishi asihesabu peke yake. Tumieni bei ya manunuzi ya mwisho. Ndoo ya mafuta iliyotumika kadirieni kwa robo. Nyama uliyochukua bucha kwa mkopo iandikwe wiki ilipoingia jikoni, hata kama utailipa mwezi ujao; nimeona hesabu nyingi zikiharibika hapo. Chakula cha wafanyakazi na kile kinachobebwa kwenda nyumbani kwa tajiri nacho kiandikwe, maana vyote vimetoka stoo ileile.

Mishahara ni rahisi, ila kuna mtego mdogo. Mgahawa wetu unalipa 2,600,000 kwa mwezi. Wengi hugawanya kwa nne na kupata 650,000, lakini mwezi una zaidi ya wiki nne. Zidisha kwa 12, gawanya kwa 52, upate 600,000, ambayo ni asilimia 14 ya mauzo. Vibarua wa siku waongezwe juu ya hapo. Usijipime kwa asilimia za migahawa ya Ulaya au Marekani: kule mishahara inakula sehemu kubwa zaidi kuliko kwetu. Jipime kwa wiki zako mwenyewe.

Ya tano ni fedha. Jumlisha ya kwenye droo, ya lipa namba na ya benki: hapa ni 1,930,000. Toa yanayodaiwa ndani ya siku saba, yaani bucha, pango na gesi, jumla 1,360,000. Zinabaki 570,000. Hiyo ndiyo fedha unayoweza kuigusa, si ile 1,930,000 uliyoiona mwanzo.

Kwenye jedwali, kila wiki iwe na safu wima yake; hapa ni safu B. Kuanzia mstari wa 2 andika mauzo, stoo ya mwanzo, manunuzi, stoo ya mwisho, idadi ya sahani, mishahara ya mwezi, fedha na madeni. Kisha chini yake:

```
=B2/B6
=(B3+B4-B5)/B2
=B7*12/52/B2
=B8-B9
```

Mauzo yenyewe yapo tayari B2. Pembeni ya kila namba weka ya wiki iliyopita na wastani wa wiki nne. Gharama ya chakula ikipanda pointi tatu za asilimia juu ya wastani huo, ipake rangi nyekundu. Chini ya hapo usihangaike, kwa kuwa kosa la kukadiria mafuta na unga linaweza kufika pointi moja.

Turudi kwenye ile 45. Kama asilimia ingebaki 38, chakula kingegharimu 1,596,000. Zilizozidi ni 294,000. Anza na vitu viwili vinavyobeba fedha nyingi: nyama na kuku. Kwenye nyama risiti zinajibu upesi: kilo ilipanda kutoka 10,000 hadi 12,000, na zilitumika kilo 45. Hizo ni 90,000.

Kwa kuku, hesabu vipande. Friza ilianza na kuku 50, wakanunuliwa 75, wakabaki 15, wametumika 110. Kwa robo nne kila kuku ni sahani 440. Oda zinaonyesha 352. Zimepungua sahani 88, sawa na kuku 22, na kwa 8,000 kila mmoja ni 176,000. Hapa ndipo mpishi hufukuzwa kwa tuhuma. Tafadhali subiri siku tatu kwanza. Asubuhi hesabu kuku wanaotoka friza, jioni hesabu oda na vipande vilivyobaki sufuriani. Vipande vikibaki vingi jioni, mnapika kupita kiasi. Visipobaki, na oda ni chache, kuna sahani zinazotoka bila kuandikwa. Katika mfano wetu haikuwa lolote kati ya hayo: vipande vilikuwa pungufu tangu kwenye ubao wa kukatia. Mwuzaji mpya alileta kuku wadogo kwa bei ya wakubwa, na mpishi, akiona robo haijazi sahani, aliwakata 88 kati yao vipande vitatu vitatu. Alikuwa anamlinda mteja, ila hakuna aliyemuuliza.

Jumla ni 266,000 kati ya 294,000, na kilichobaki ni chini ya pointi moja. Kuanzia hapo kuku wapimwe kwenye mizani wanapopokelewa, na wanunuliwe kwa kilo. Wiki inayofuata, kama mauzo yatakuwa yaleyale, asilimia inapaswa kushuka karibu na 41. Ikibaki 45, tatizo la kuku halijaisha. Ikishuka na kusimama hapo, kilichobaki kwa sehemu kubwa ni bei ya nyama: 90,000 kwa sahani 450 za nyama ni shilingi 200 kwa sahani, na sasa mwenye mgahawa anajua kiasi anachoamua kumwongezea mteja au kukibeba mwenyewe.