Hiyo Mnayoiita Sheng Si Sheng

"Acheni Sheng yenu, mgeni haelewi." Mama mwenye nyumba alisema hivyo akiwa mlangoni na birika la chai mkononi, Jumapili moja huko Buruburu, Nairobi. Sebuleni tulikuwa watano. Wanne tulisoma chuo kimoja, na wa tano alikuwa binamu ya mwenzetu, aliyefika siku tatu nyuma kutoka Lamu. Mama aliona jambo ambalo sisi hatukuliona kabisa: mgeni alikuwa amekaa kimya karibu nusu saa. Hapo alisema kweli. Lakini jina alilolipa jambo lenyewe silo, na kosa hilohilo nimelisikia darasani, redioni na ndani ya matatu mara nyingi mno. Siku ile kosa la jina lilitufanya tukosee na dawa, ndiyo maana nataka kulieleza.

Tulichokuwa tukifanya kinaitwa kuchanganya ndimi, yaani kutumia lugha mbili ndani ya sentensi moja. Ukimaliza sentensi katika lugha moja ukaanza inayofuata kwa nyingine, wanafunzi wa isimujamii huita hiyo kuhamisha ndimi. Wapo pia wasemao kubadili msimbo. Ndimi ni wingi wa ulimi. Maana imekwisha hapo.

Sheng ni kitu kingine. Ilikulia Nairobi upande wa mashariki, katika mitaa kama Kaloleni, Ziwani, Bahati na Pumwani, ambako watoto wa Wakikuyu, Wajaluo, Wakamba, Waluhya na wengine walicheza uwanja mmoja huku familia zao zikiishi katika vyumba vichache. Ilivuma hasa kuanzia miaka ya 1960 na 1970. Asili ya jina lenyewe ina maelezo mawili. Lile linalojulikana zaidi linasema ni kifupisho: "sh" ya Kiswahili ikaunganishwa na "eng" ya neno la Kiingereza linalotaja lugha hiyo. Nadhani hili ndilo linalopotosha watu, kwa sababu ukilishika hivyo utadhani Sheng ni Kiswahili na Kiingereza vilivyotiwa chungu kimoja, na kwamba yeyote anayechanganya viwili hivyo anaongea Sheng.

Maelezo ya pili yanapendeza zaidi kwangu. Yanasema jina la Kiingereza liligeuzwa, silabi ya nyuma ikaletwa mbele, likawa kama "lisheng", kisha kichwa kikadondoka. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa, ila mchezo wenyewe upo ndani ya Sheng na kila kijana wa Nairobi anaujua: stori inageuzwa inakuwa risto. Sasa jiulize, kwa nini mtu ageuze neno ambalo mwenzake analielewa vizuri? Anageuza ili aliye karibu asilielewe. Mzazi aliye chumba kimoja nawe, kondakta, askari, mtoto wa mtaa wa pili. Sheng ina mlango, na mlango huo umewekwa kwa makusudi. Mia ni soo, elfu ni ngiri, nyumba ni keja, gari ni ndae, kundi la marafiki ni mbogi. Mpe mtu anayejua Kiswahili na Kiingereza barabara sentensi "mbogi yote iko keja", na lugha zake zote mbili hazitamsaidia. Neno keja linasemekana lilitokana na neno la Kiingereza la kizimba, lakini kulijua hilo hakukufikishi kwenye nyumba. Tena maneno hayo huzeeka. Aliyetumia neno la pesa la ujana wake mbele ya vijana wa leo hutambulika umri mara moja.

Kuchanganya ndimi hakuna mlango wa makusudi. Mwenye lugha zote mbili anaelewa kila kitu bila kufundishwa. Ukisema "nilikuwa nimeplani kuja, lakini bosi akataka nifinishi ripoti kwanza", hakuna siri hapo. Hujamficha mtu. Na kwa sababu hujakusudia kumficha mtu, hutambui pale unapomwacha nje.

Hebu nirudi sebuleni. Mwenzetu mmoja alikuwa akisimulia habari za kijana aliyekuwa akimchumbia. Akasema: "Yaani alinigosti wiki mbili, halafu akaniteksti ati nisiovathinki." Sisi tukaguna kwa pamoja. Mgeni akainua uso na kuuliza kwa upole, "Alikupiga?"

Tazama alichopata. Katika sentensi ya aina hii, Kiswahili ndicho kinachotoa mifupa: kiima, wakati, mtendwa, ukanushi. Kiingereza kinatoa nyama. Katika "alinigosti", mgeni alipokea a-, -li- na -ni-. Alijua kuna mtu, jambo limepita, na aliyetendwa ni msimulizi. Katika "akaniteksti" alijua mtu yuleyule aliendelea kumtenda. Katika "nisiovathinki" alijua kuna jambo msimulizi alikatazwa. Alijua nani, lini na kwa nani. Asichokijua ni nini. Basi akakamata hasira iliyokuwa katika sauti, akalijaza pengo kwa jambo baya la karibu zaidi alilolijua. Baadaye aliniambia neno lile la "gosti" alilisoma shuleni, lakini alifundishwa kwamba ni jina la pepo, wala hakuwahi kusikia likifanywa kitendo. Kwa hiyo tusiseme hakujua Kiingereza. Alijua cha vitabuni, ila hakuwa na kile cha simu zetu.

Na huyo ndiye aliyekuwa na Kiswahili kizuri kuliko sisi wanne. Hilo liliniuma.

Asiyejua lugha kabisa hugunduliwa mapema, na watu humtafsiria. Anayeelewa nusu hagunduliki, kwa sababu mifupa anayoipata inamtosha kutikisa kichwa mahali panapofaa. Ukiangalia vizuri lakini utamwona. Anacheka baada ya wengine kuanza kucheka. Anarudia neno la mwisho alilolielewa, "wiki mbili, ehe". Hatii neno lake katika habari inayosimuliwa, ila anasubiri ipite aulize jambo la pembeni, kama chai ina tangawizi. Kisha anatoa simu. Mgeni wetu alifanya yote hayo, na sisi tukamhesabu kuwa mpole.

Hapa ndipo jina lilipotukosesha dawa. Tulipoambiwa tuache Sheng, tulielewa tunatakiwa kuongea lugha safi, na sisi tuliopita shule za Nairobi, lugha safi tuliyozoeshwa kwa viboko na vibao vya shingoni ni Kiingereza. Dakika kumi zilizofuata tuliongea Kiingereza kitupu, kwa adabu kubwa, na mgeni akapoteza hata ile mifupa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Tulitii amri iliyotaja jambo lisilokuwepo.

Kungekuwa na haja gani basi ya kuchanganya, kama kunamwacha mtu nje? Ipo haja, nami sikubali wanaosema wachanganyaji ni watu waliokosa lugha. Sisi wanne mihadhara tuliipata kwa Kiingereza, njaa na mapenzi tukayapata kwa Kiswahili, na maisha yale hayatamkiki kwa lugha moja. Mmoja akisema "sapu", yaani mtihani wa kurudia, sote tunarudi kwenye ukumbi uleule wenye madirisha yasiyofunga. Tukiitana komredi, miaka inafutika. Nikisema habari hiyohiyo kwa Kiswahili kitupu mbele yao, wataniuliza nimekasirikia nini.

Carol Myers-Scotton, mwanaisimu aliyechunguza mazungumzo ya Nairobi kwa muda mrefu, alilieleza vizuri. Katika makundi kama letu mchanganyiko wenyewe ndio hali ya kawaida, wala si kwamba kila neno la Kiingereza lina ujumbe wake. Miongoni mwa mifano yake kuna vijana wanne wa ofisini waliokuwa wakijadili mpango wa kuweka akiba. Wawili Wakikuyu, mmoja Mkisii, mmoja Mkalenjin. Waliongea Kiswahili kilichochanganywa na Kiingereza bila taabu, mpaka Wakikuyu wawili wakahamia Kikuyu. Wale wengine wakalalamika papo hapo, na walilalamika kwa mchanganyiko uleule. Mchanganyiko ndio uliokuwa nyumba yao wote, na kuhama ndiko kulikotoa watu nje.

Kwetu Buruburu nyumba ilikuwa hiyohiyo, ila aliyeachwa nje alikuwa ameketi ndani tangu mwanzo. Kwa hiyo kuuliza kama kuchanganya ni kuzuri au kubaya hakutufikishi popote. Neno lililobeba habari, lile moja ambalo bila hilo hadithi haina ile "nini" yake, je, kila aliyeketi hapa analo? Maneno mengine yachanganye utakavyo. "Bosi", "ripoti", hata "kuplani", hayo yasingemsumbua mgeni. Lililomtoa nje ni "gosti".

Kilichotuokoa hakikuwa usafi wa lugha. Msimulizi mwenyewe alimgeukia mgeni na kusema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta njia: "Hakunipiga. Alininyamazia. Simu hapokei, ujumbe hajibu, wala hakusema nimemkosea nini." Mgeni akashusha pumzi. "Kumbe alikususa," akasema.

Tukatazamana. Neno tulikuwa nalo tangu utotoni, la mtoto anayekataa chakula kwa kununa, na hakuna kati yetu aliyewahi kulifikiria hapo. Tena lilikuwa na kitu ambacho lile letu halina: anayesusa amenuna, na kununa kwake kunaonekana. Msimulizi alilishika palepale. Jioni nzima alisema "aliponisusa", na kabla ya giza kuingia nilimsikia akisema "mimi pia nitamsusa, nimblok kabisa", na mgeni akacheka wa kwanza.

Mama, chai ile ilikuwa tamu, na uliona kabla yetu. Ila ukituona tena tumemzunguka mtu aliyenyamaza, usituambie tuache Sheng, maana tutakimbilia Kiingereza. Tuambie tu, "Neno hilo huyu hana, mwambieni tena."