Kwa nini siachi kalamu yangu ianze na makosa ya tahajia

Mwenzangu hapa ofisini Bukavu alinipa rasimu ya ripoti yake: aya kumi na nne kuhusu mifereji ya maji ya mvua inayoziba huko Kadutu. Mstari wa tatu tu nikakutana na "mifereji yameziba". Mkono uliwasha, lakini nikauzuia.

Nilisoma hadi mwisho bila kalamu. Kisha, pembeni mwa kila aya, nikaandika kwa maneno machache kazi inayoifanya. Hapo mifupa ya ripoti ikaonekana. Aya ya kwanza ilikuwa historia ya komini. Ya tatu na ya saba zilisema jambo lilelile juu ya mvua. Ombi lenyewe, kwamba komini itoe sepeto na toroli kwa ajili ya salongo, lilijificha kwenye aya ya kumi na mbili.

Mzunguko huu wa kwanza naufanya kwa mdomo, maana karatasi iliyojaa alama humfanya mtu arekebishe alama na kuacha mpangilio ulivyo. Nilimwambia, "Papa, anayesoma ni mkuu wa komini. Kadutu anaijua. Unamwomba nini, na atakiona wapi?" Akapandisha ombi hadi aya ya pili, akaunganisha zile mbili za mvua, akafuta historia. Ile "yameziba" ilikuwa ndani ya historia hiyo, ikaondoka nayo.

Aliporudi tukaingia kwenye sentensi. Aliandika: "Iliamuliwa mifereji isafishwe kila mwezi." Iliamuliwa na nani? Kitenzi cha namna hii humficha mtendaji, na ripoti inayotaka mtu awajibike haiwezi kumficha. Ningeweza kujaza mwenyewe, na ningeandika "na komini". Nikauliza pembeni. Jibu: wakuu wa avenyu walikubaliana wao kwa wao. Kumbe kisio langu lingeingiza uongo kwenye ripoti yake! Kwa hiyo sentensi zenye maana isiyo wazi naziulizia tu, siziandiki upya. Nilitia alama kwenye ukurasa mmoja; kurasa nyingine alitafuta mwenyewe vitenzi vya aina hiyo.

Tahajia ilikuja mwisho, na hapo sikuuliza. Niliwasha "Suivi des modifications" ya Word, inayoonyesha kila badiliko, nikasoma sentensi ya mwisho kwanza nikirudi nyuma, ili maana isinivute nikaruka herufi. Word yetu imewekwa Kifaransa, hivyo hupiga mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili. Kuitegemea ni bure.

Kuna kosa moja tu ambalo halikungoja zamu yake. Maelezo yalisema nyumba 46 ziliingiwa na maji, jedwali likasema 64. Hilo nilimwambia siku ya kwanza kabisa, kwa sababu huenda angelazimika kurudi Kadutu kuhesabu, na kazi hiyo haifanyiki jioni ya kukabidhi ripoti.