Shilingi 40,000 za Jumamosi

Mume ni fundi umeme, mke anauza mitumba Tandika. Walifika kwangu wakiwa hawasemezani tangu Jumamosi. Mume alimtumia mdogo wake wa kijijini shilingi 40,000 kwa simu, mke akauona ujumbe. Mume naye akatoa la kwake: kila wiki mke anapeleka 10,000 kwenye kikoba, hata gesi ikiwa imeisha jikoni.

Mimi ni mshauri wa ndoa. Wengi wanaokuja na ugomvi wa hela huniomba niwapangie bajeti, nami huwa sianzi na hiyo. Bajeti inagawa fedha tu. Haisemi kwa nini 40,000 zilezile mmoja anaziona kama deni lililolipwa, mwenzake anaona nyumba inavuja.

Nilimwomba kila mmoja asimulie jambo la fedha analolikumbuka tangu utotoni kwao. Mwenzake asikilize bila kujibu, kisha arudie alichosikia mpaka msimulizi mwenyewe aseme, "Ndivyo."

Mume alisimulia habari za mjomba aliyeuza ng'ombe ili yeye aende sekondari. Kwake, kukalia hela huku ndugu ana shida ni roho mbaya.

Mke alisimulia msiba wa baba yake. Ndugu wa marehemu walibeba kabati, godoro, mpaka redio. Wageni walipotawanyika, mama yake alifungua fundo kwenye pindo la kanga, na humo ndimo zilimotoka hela za unga. Kikoba ndilo fundo lake.

Kurudia ndiko kunakowashinda watu. Mume alianza: "Anasema haniamini." Mke akatikisa kichwa. Akajaribu tena, akaanza kujitetea, nikamsimamisha. Mara ya tatu akasema taratibu: "Unaogopa nikifa, wewe na watoto mtabaki mikono mitupu."

"Ndivyo," mke akajibu, akalia.

Hapo ndipo tulipoandika tarakimu. Hela ya kikoba itoke mapema, pamoja na ya gesi. Ndugu watengewe 30,000 kwa mwezi, na ikibidi kuzidisha, mwenzako aambiwe kabla ya kutuma. Kila mmoja abaki na 15,000 asizoulizwa.

Njia hii haifai kila nyumba. Mmoja akishika kadi ya benki ya mwenzake na kumpimia nauli, au mikopo ya kamari ikifichwa na maelezo yakibadilika kila nikiuliza, siwakalishi pamoja kusimuliana. Anayebanwa hawezi kusema kweli mbele ya anayembana, kwa hiyo mimi huanza kumsikiliza anayebanwa peke yake.

Mwezi wa pili mume alitaka kutuma 50,000, mdogo wake alikuwa amelazwa. Safari hii alimwambia mkewe kwanza. Walibishana usiku mzima, wakatuma 45,000. Walipokuja kunisimulia, mke aliniambia kwamba usiku huo ndipo alipomuuliza mumewe kama yule mjomba bado yu hai. Walikuwa wameoana miaka tisa.